Je, Wajua? Faida Inayotoka Kwenye Bei ya Kesho

Je, wajua kwamba unaweza kurusha sarafu mara 250, ukaandika matokeo yake kama bei za hisa, na bado ukapata mkakati unaoonekana kugeuza shilingi 100,000 kuwa karibu 347,000 kwa mwaka mmoja? Siku 250 ndizo takriban siku za kazi za soko kwa mwaka. Sarafu ikiangukia upande wa kichwa, bei inapanda asilimia 1; ikiangukia upande wa pili, inashuka asilimia 1. Kanuni yako ni nyepesi: siku ambayo bei ya kufunga imezidi ya jana, uwe umeshika hisa, siku ambayo imeshuka, uwe umekaa na fedha taslimu. Kwa wastani utapata siku 125 za kupanda. Zidisha 1.01 kwa yenyewe mara 125 na jibu ni karibu 3.47.

Sarafu haijui lolote kuhusu uchumi. Faida yote imetoka mahali pamoja: kanuni ilisubiri kuona leo imefungaje, ndipo ikaamua kwamba tangu asubuhi ilikuwa imeshika hisa, kisha ikajilipa faida ya siku hiyohiyo. Katika maisha hakuna dalali atakayekuuzia kwa bei ya jana kitu ambacho kimeshapanda leo. Ndani ya kompyuta dalali huyo yupo, na hakatai agizo lolote.

Je, wajua kosa hilo lina umbo gani kwenye skrini? Mtu anapojaribu mkakati wake kwa bei za zamani, anachofanya ni kuipitisha kanuni yake siku baada ya siku juu ya bei zilizokwisha kupita, na kuandika angepata nini kama angeifuata. Kuchungulia kesho, kama tutakavyoliita kosa hili, ni pale ambapo uamuzi wa siku fulani umetumia habari ambayo siku hiyo, saa hiyo, haikuwa imefika kwa mtu yeyote. Kwa anayetumia Python na maktaba ya pandas, kosa na sahihi vinatofautiana kwa neno moja:

```python
wastani = bei.rolling(20).mean()
ishara = (bei > wastani).astype(int)
badiliko = bei.pct_change()

faida = ishara * badiliko            # kosa
faida = ishara.shift(1) * badiliko   # sahihi
```

Mstari wa kwanza wa faida unazidisha ishara ya leo kwa badiliko la leo. Lakini ishara ya leo imekokotolewa kwa bei ya kufunga ya leo, na badiliko la leo liko ndani ya bei hiyohiyo. Mstari wa pili unaisukuma ishara siku moja mbele, ili uamuzi wa leo ulipwe kwa kitakachotokea kesho. Anayetumia Excel anakutana na jambo lilelile: kama ishara ziko safu ya D na mabadiliko safu ya C, `=D21*C21` ni kosa, na `=D20*C21` ni sahihi. Tofauti ni mstari mmoja wa jedwali, na hakuna rangi nyekundu itakayotokea kukuonya.

Je, wajua kwamba kosa hilo ni la hatari zaidi linapotoa faida ndogo kuliko linapotoa faida kubwa? Hapa tukae kidogo, kwa sababu watu wengi wanadhani wangeligundua mara moja.

Turudi kwenye ile sarafu. Safari hii kanuni ni ile maarufu ya wastani unaosogea: shika hisa bei ya kufunga ikiwa juu ya wastani wa siku 20, kaa pembeni ikiwa chini. Bei ya leo ni moja tu kati ya zile 20, kwa hiyo mtu anaweza kujiambia kwamba hata kama imechungulia, imechungulia kidogo. Ukipiga hesabu, kila siku uliyoshika hisa inakupa kwa wastani karibu asilimia 0.3 isiyo yako. Kanuni hii hushika hisa nusu ya siku zote za mwaka, yaani kama siku 125. Hiyo ni karibu asilimia 38 kwa mwaka bila hata kuhesabu riba juu ya riba, na bado ni sarafu tupu.

Badilisha wastani uwe wa siku 200. Zawadi inashuka hadi karibu asilimia 0.1 kwa siku uliyoshika, ambayo kwa mwaka ni kama asilimia 12. Sasa tazama namba hiyo kwa jicho la mwekezaji wa kawaida. Asilimia 12 haimshtui mtu. Inafanana na mkakati wa kiasi, uliotulia, wa mtu aliyejifunza uvumilivu. Anaweza kuupeleka sokoni na akiba ya familia kwa imani kamili, na akakaa miaka miwili akijilaumu kwamba anakosa nidhamu, wakati mkakati wenyewe haukuwahi kuwa na chochote ndani.

Sababu ya tofauti hizo ni rahisi kuifuata. Ishara ya kwanza iliamuliwa na siku ya leo peke yake, kwa hiyo ilijua kila kitu kuhusu leo. Kwenye wastani wa siku 20, leo ni kauli moja katika mkutano wa kauli nyingi, lakini bado ni kauli yenye uzito. Kwenye siku 200 sauti hiyo imefifia, lakini haijazimika. Kadiri mkakati ulivyo wa taratibu, ndivyo kuchungulia kunavyotoa faida inayoaminika.

Je, wajua kwamba kuna kipimo kimoja kinachoweza kukutia shaka kabla hujafungua hata mstari mmoja wa hesabu? Ni kiwango cha Sharpe, kilichopewa jina la mwanauchumi William Sharpe, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1990. Unachukua wastani wa faida iliyozidi riba ya mahali salama, unaigawa kwa jinsi faida hiyo inavyoyumba. Namba kubwa maana yake ni faida nyingi kwa misukosuko michache. Watafiti Frazzini, Kabiller na Pedersen walipoichunguza Berkshire Hathaway, kampuni ya Warren Buffett, kuanzia 1976 hadi 2017, walipata kiwango cha 0.79. Huyo ni Buffett, kwa miongo minne.

Sasa linganisha na sarafu yetu. Kanuni ya kwanza, ile iliyochungulia siku nzima, inatoa kiwango cha karibu 15.8. Ya siku 20 inatoa karibu 3.5. Ya siku 200 inatoa karibu 1.1. Namba 15.8 itamwamsha yeyote, na 3.5 kwa mkakati wa mstari mmoja ingepaswa kumfanya mtu asimame. Ile 1.1 ndiyo inayopita mlangoni bila kuulizwa, ilhali nayo imempita Buffett.

Je, wajua kwamba hata `shift(1)` haimalizi deni lote? Inakupa faida ya kuanzia bei ya kufunga ya leo hadi bei ya kufunga ya kesho. Maana yake ni kwamba bado umechukulia kuwa ulinunua kwa bei ileile ya kufunga iliyokupa ishara. Katika soko la hisa la New York, bei ya kufunga huundwa na mnada wa mwisho wa siku, saa 10:00 jioni kwa saa za huko, na maagizo ya kununua kwa bei ya kufunga hupokelewa kwa kawaida hadi saa 9:50. Ukisubiri bei ya kufunga ndipo uamue, mnada umekwisha. Mwenye uangalifu huandika kwamba amenunua kwa bei ya kufungua ya siku inayofuata, na hukubali kwamba bei hiyo mara nyingi imeshasogea upande asioutaka. Hisa iliyotoa habari njema jioni haifungui asubuhi pale ilipofungia.

Je, wajua kwamba kila namba ya biashara ina tarehe mbili, na mafaili mengi yanakuonyesha moja tu? Tarehe ya kwanza ni ya jambo lenyewe. Ya pili ni ya siku ambayo jambo hilo lilijulikana. Bei za hisa zinatusahaulisha hili, kwa sababu kwazo tarehe hizo mbili hukaa siku moja. Kwa hesabu za kampuni hazikai pamoja kabisa.

Chukua Safaricom, ambayo hisa zake ziko mikononi mwa Wakenya wengi tangu ilipoingia sokoni Nairobi mwaka 2008. Mwaka wake wa hesabu huisha tarehe 31 Machi. Matokeo hutangazwa mwezi Mei. Ukipakua jedwali la faida zake za kila mwaka, mstari utasoma "31 Machi", na ukiuunganisha na bei za kila siku kwa tarehe hiyo, mkakati wako utaanza kununua tarehe 1 Aprili kwa kutumia faida ambayo wanahisa hawajaiona. Wiki kadhaa baadaye tangazo linatoka, bei inaruka au inaporomoka, na mkakati wako tayari uko upande ulio sahihi. Kwenye karatasi utaonekana una kipaji cha kusoma mizania. Ulichokuwa nacho ni mtihani uliovuja.

Dawa yake ni kuongeza safu ya pili kwenye jedwali, safu ya tarehe ya kutangazwa, na kuunganisha kwa safu hiyo. Kama tarehe za kutangazwa hazipatikani, weka ucheleweshaji wa kutosha na ushikilie huohuo kwa kampuni zote. Eugene Fama na Kenneth French, katika utafiti wao mashuhuri wa mwaka 1992 kuhusu hisa za Marekani, walifanya hivyo: hesabu za mwaka uliokwisha wakati wowote ndani ya mwaka mmoja wa kalenda hazikutumika hadi Julai ya mwaka uliofuata. Kampuni iliyofunga hesabu Desemba 31 ilisubirishwa miezi sita kamili. Wengine wangesema huko ni kupoteza habari. Mimi naona ni bei ndogo ya kulipa kwa matokeo unayoweza kuyasimamia.

Je, wajua kwamba namba ya zamani inaweza kubadilika baada ya wewe kuwa umeshaitumia? Makadirio ya kwanza ya pato la taifa la Marekani kwa robo ya mwisho ya 2008 yalitoka mwishoni mwa Januari 2009, na yalisema uchumi umesinyaa kwa kasi ya asilimia 3.8 kwa mwaka. Mwezi mmoja baadaye ikawa asilimia 6.2. Kufikia marekebisho ya mwaka 2011, robo ileile ilisomeka asilimia 8.9.

Mkakati unaouza hisa pale uchumi unaposinyaa kwa zaidi ya asilimia 5 ungefanya nini Januari 2009? Kwa namba iliyokuwepo siku hiyo, usingeuza. Kwa namba iliyomo kwenye faili ulilopakua miaka mitatu baadaye, ungeuza kwa haraka, ungeepuka sehemu ya anguko lililoendelea hadi Machi, na ungejipongeza. Kwa namba za uchumi wa Marekani, benki kuu tawi la St. Louis ina hifadhi iitwayo ALFRED inayotunza kila toleo la namba pamoja na siku lilipotoka, ili mtu aweze kuuliza: siku fulani, dunia ilikuwa inaona nini? Kwa namba nyingi nyingine hifadhi ya aina hiyo haipo, na anayezitumia inabidi akubali kutojua.

Je, wajua kwamba hisa ya Apple iliuzwa kwa dola 22 ilipoingia sokoni Desemba 12, 1980, lakini chati ya leo inaonyesha kama senti 10? Tangu hapo hisa hiyo imegawanywa mara tano: kwa mbili mwaka 1987, kwa mbili 2000, kwa mbili 2005, kwa saba 2014 na kwa nne 2020. Aliyekuwa na hisa moja ya mwanzo sasa ana 224, kwa hiyo watunza data huzigawa bei zote za nyuma ili chati isionyeshe maporomoko yasiyokuwepo. Wanafanya vyema. Ukipima asilimia za kupanda na kushuka, hakuna kinachoharibika.

Tatizo huanza kanuni inapotazama bei yenyewe. Sema kanuni yako ni "nunua hisa zinazouzwa chini ya dola 1", kwa imani kwamba hisa za bei chee zina nafasi ya kukua. Mwanzoni mwa 2003 hisa ya Apple iliuzwa kwa karibu dola 14, na hakuna aliyeiita hisa ya senti. Faili la leo limeigawa bei hiyo kwa 56 na linaonyesha senti 25. Kanuni yako inainunua. Imeinunua kwa sababu moja: kampuni ilikuja kupanda mno hadi ikalazimika kugawanya hisa zake mara tatu zaidi. Kampuni ambazo hazikukua hazikugawanywa, kwa hiyo hazionekani kuwa za bei chee. Kanuni inadhani inachagua kwa bei ndogo, kumbe inachagua kwa mafanikio yajayo. Kwa kanuni za aina hiyo tumia bei ghafi, ile iliyosomwa sokoni siku yenyewe, na uache bei iliyorekebishwa ifanye kazi ya kupima faida tu.

Je, wajua kwamba orodha ya hisa unazozijaribia inaweza kuchungulia hata kama kanuni yako ni safi? Tesla iliingizwa kwenye faharasa ya S&P 500 Desemba 21, 2020, wakati bei yake ilikuwa imefika zaidi ya mara saba ya ile ya mwanzo wa mwaka. Aliyechukua orodha ya wanachama wa 2021 na kuanza jaribio lake Januari 2020 ameupa mkakati wake mwaka mzima wa Tesla, mwaka ambao Tesla haikuwemo kwenye orodha. Upande wa pili wa jambo hilo uko Nairobi: anayepakua orodha ya hisa zinazouzwa leo hatakutana na Mumias Sugar, iliyosimamishwa kuuzwa mwaka 2019, na mkakati wake hautapata nafasi ya kuumia nayo.

Je, wajua kwamba mshale kwenye chati unaweza kuwa umechorwa mahali ambapo haukuwepo? Wanaofanya biashara ya fedha za kigeni kwa simu, Dar es Salaam hadi Mombasa, wanaifahamu alama ya frakto ya Bill Williams iliyomo ndani ya MetaTrader. Mshale wa chini huchorwa chini ya mshumaa ambao kiwango chake cha chini kabisa kiko chini kuliko cha mishumaa miwili ya kabla na miwili ya baada. Isome tena hiyo: miwili ya baada.

Tuupitie mfano wa mishumaa ya saa moja moja ya euro kwa dola. Viwango vya chini vya mishumaa mitano ni 1.0842, 1.0831, 1.0820, 1.0826 na 1.0838. Wa tatu ndio wa chini kuliko yote, na mshale unakaa chini yake. Tuseme mshumaa huo wa tatu ulifunga 1.0828, wa nne 1.0841 na wa tano 1.0856. Ukiitazama chati kesho yake, unaona mshale mzuri chini ya mshumaa uliofunga 1.0828, na jaribio lililoandikwa kwa uzembe litanunua hapo. Lakini mshale haukuwepo saa hiyo. Ulitokea baada ya mshumaa wa tano kufunga, saa mbili baadaye, bei ikiwa 1.0856. Tofauti ni 0.0028, ambayo kwa euro 10,000 ni dola 28 kwa biashara moja. Fanya biashara mia za namna hiyo na una dola 2,800 za kufikirika.

Tena tofauti hiyo karibu kila mara iko upande mmoja. Mshale huchorwa pale tu ambapo mishumaa miwili iliyofuata haikushuka zaidi. Pale ambapo bei iliendelea kuporomoka, mshale haukuchorwa, na wewe hukununua. Alama imekwisha kuondoa makosa yako kabla hujayafanya. Ndiyo sababu chati zilizojaa mishale zinavutia sana zinapoonyeshwa kwa wanafunzi wa biashara hii: kila mshale uko kwenye bonde, kwa sababu yale yaliyoonekana kuwa mabonde na kumbe sivyo yamefutwa kimyakimya. Alama ya ZigZag ina tabia hiyohiyo na zaidi, kwani mstari wake wa mwisho huhama bei inapoendelea. Anayetaka kuijua alama kama ni ya aina hii akae nayo ikiwa hai, apige picha ya skrini kila mshumaa unapofunga, kisha alinganishe picha za mwanzo na chati ya mwisho.

Je, wajua kwamba mshumaa haukuambii kipi kilitangulia kati ya kilele na shimo lake? Kama lengo lako la faida na kikomo chako cha hasara vyote viko ndani ya mshumaa mmoja, data hiyo haina jibu. Programu inayochagua faida kwanza imekupendelea. Chagua hasara kwanza, au tafuta data ya dakika.

Je, wajua kwamba kujaza nafasi tupu kunaweza kuvujisha bei? Kwenye soko la Dar es Salaam zipo hisa ambazo hazibadilishani mikono kila siku, na faili linakuja na mapengo. Amri `bfill()` huziba pengo kwa bei inayofuata, yaani ya siku za usoni. `ffill()` huziba kwa bei ya mwisho iliyojulikana. Herufi moja inatofautisha uaminifu na uchunguliaji. Hali kadhalika anayeweka bei zake kwenye mizani moja kwa kutumia wastani wa kipindi chote, tuseme 2010 hadi 2024, ameuambia mkakati wake wa mwaka 2011 kama bei za wakati huo zingekuja kuonekana za juu au za chini.

Je, wajua kwamba kuna jaribio moja linalokamata sehemu kubwa ya makosa haya bila kuhitaji kuelewa kanuni yenyewe? Ni kukata data. Endesha mkakati kwa bei zote hadi, tuseme, Desemba 31, 2023, na uhifadhi ishara zake zote. Kisha kata faili liishie Juni 30, 2022, uendeshe tena. Ishara za kabla ya Juni 30, 2022 zinapaswa kuwa zilezile, moja baada ya nyingine. Yaliyotokea baada ya hapo hayawezi kubadilisha ulichoamua kabla, labda kanuni iwe imeyaona. Rudia kwa tarehe kadhaa za kukata, na tazama hasa siku za mwishoni kabisa mwa kila kipande, maana huko ndiko frakto na ZigZag hukosa majibu. Freqtrade, programu huria inayotumiwa kwa biashara ya sarafu za kidijitali, imelifanya jaribio hili kuwa amri:

```bash
freqtrade lookahead-analysis --strategy JinaLaMkakati --timerange 20220630-20231231
```

Lakini elewa mipaka yake. Kukata data hakukamati kosa la kuzidisha ishara ya leo kwa badiliko la leo, kwa sababu ishara zenyewe ni halali. Kilichokosewa ni malipo. Kwa hilo rudi kwenye sarafu: ondoa bei halisi, weka bei za kubahatisha, endesha mkakati mara mia kadhaa. Kabla ya gharama za dalali, wastani wa faida unatakiwa uzunguke sifuri. Ukikaa juu ya sifuri kwa ukaidi, kuna mahali unalipwa kwa jambo ulilokwisha kuliona. Unaweza pia kuchelewesha ishara kwa siku moja ya ziada kwenye bei halisi. Mkakati wa wastani wa siku 200 ulio mzima hautajali sana siku moja. Ukianguka kutoka asilimia 12 hadi karibu na sifuri kwa ajili ya siku moja tu, ile siku ndiyo iliyokuwa ikiulisha.

Na yapo makosa ambayo hakuna hata moja kati ya majaribio hayo matatu litakaloyaona: pato la taifa lililorekebishwa, faida ya kampuni iliyowekewa tarehe isiyo yake, orodha ya hisa iliyokwisha kuchujwa. Humo hesabu ni safi na uchafu umo kwenye faili. Kwa hayo, pakua data yako leo na uihifadhi bila kuigusa. Baada ya miezi mitatu pakua tena kutoka mahali palepale, kwa tarehe zilezile, na utoe moja kwenye nyingine mstari kwa mstari. Popote ambapo jibu si sifuri, chunguza kwa nini: hisa ziligawanywa, gawio lilitolewa, hesabu zilirekebishwa, au kampuni imetoweka kwenye orodha. Kila mstari wa namna hiyo ni namba ambayo jaribio lako lingeitumia kabla haijakuwepo.